Wakala anasema majaribio hayalipwi: nimuulizeje?

*Dada, shikamoo. Mimi ni mpishi, nina cheti cha upishi cha VETA na nimefanya kazi mgahawani kwa miaka miwili. Wiki iliyopita wakala wa ajira alinipigia, akasema kuna hoteli hapa Arusha inatafuta mpishi, mshahara 520,000 kwa mwezi. Nikafurahi. Halafu akaniambia kwanza niende Jumamosi kwa siku ya majaribio, kuanzia saa 4 asubuhi mpaka shughuli iishe. Nikifaulu nitafanya wiki mbili za kujaribiwa, ndipo nipewe mkataba. Nilipouliza kama hizo siku zinalipwa alicheka, akasema ndio utaratibu wa mahoteli yote na wengine wanapanga foleni. Sikuuliza tena. Je, ni kweli ni kawaida? Na nikitaka kumuuliza vizuri, niseme nini ili asinione mjuaji akampa mwingine nafasi? Jumamosi ni hii inayokuja.*

*Mpishi wa Sakina, Arusha*

Marahaba, mdogo wangu. Hapana, si utaratibu wa mahoteli yote. Mimi kazi yangu ni hiyohiyo ya huyo wakala: natafutia waajiri watu, wengi wao wa jikoni, wahudumu na wa mapokezi. Hivyo nitakujibu nikiwa upande wake wa meza, nikueleze na yale ambayo hatuwaambii watafuta kazi.

Neno "majaribio" katika mazungumzo yenu limebeba vitu vitatu ambavyo havifanani, na ndiyo maana amekushinda kwa kicheko tu. Kuna usaili wa vitendo, kuna shifti ya majaribio, na kuna kipindi cha matazamio. Ukiweza kuvitenganisha kichwani kabla hujamwandikia, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Usaili wa vitendo ni sehemu ya usaili, na kwa mpishi ni jambo la kawaida kabisa, tena la haki. Mpishi mkuu hawezi kujua mkono wako kwa kusoma cheti. Nikuonyeshe unavyokwenda ukifanywa vizuri. Unaitwa siku ya katikati ya wiki, saa 8 au saa 9 mchana, wakati chakula cha mchana kimeshatoka na cha jioni hakijaanza. Unapewa kuku mzima umkate vipande nane, vitunguu na karoti ukate vipande vidogo vya saizi moja, kisha unaambiwa utoe supu moja na sahani moja kamili ndani ya dakika 90. Mpishi mkuu anapita nyuma yako mara mbili tatu. Haji kuonja tu, anatazama kama ubao uliokatia nyama mbichi ndio huo umehamishia saladi, kama unafuta meza kabla ya kuanza kitu kingine, na maganda mangapi ya karoti yametupwa yakiwa na karoti yenyewe. Mwisho anaonja kwa kijiko, anakuuliza maswali machache, unaondoka. Saa mbili, tatu zikizidi sana. Hapo hulipwi mshahara, na usiudai. Hoteli yenye ustaarabu itakurudishia nauli, na viungo vyote ni vyake.

Shifti ya majaribio ni kitu kingine. Unaingia kwenye zamu ya kweli, unapangiwa sehemu yako jikoni, oda zinaingia na wewe unazitoa. Kipimo changu cha kutofautisha ni kimoja na hakijawahi kuniangusha: chakula ulichopika kinakwenda wapi? Kikiishia mbele ya mpishi mkuu na kijiko chake, ulikuwa kwenye usaili. Kikienda mezani kwa mgeni na bili ikatoka, ulikuwa kazini. Wewe umeitwa Jumamosi, saa 4 asubuhi, "mpaka shughuli iishe". Mdogo wangu, hakuna mpishi mkuu mwenye nafasi ya kumpima mtu Jumamosi yenye shughuli. Siku hiyo kuna harusi au sendofu ya watu mia kadhaa, na jikoni wamepungukiwa mikono. Neno "shughuli" alilitamka mwenyewe.

Kipindi cha matazamio ndicho kinachotajwa na sheria. Kwa Tanzania Bara, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinaruhusu mwajiri kumweka mtu kwenye matazamio kwa muda usiozidi miezi 12. Lakini aliye kwenye matazamio ni mwajiriwa tayari. Ana mkataba, ana mshahara tangu siku ya kwanza, na mwajiri anatakiwa amfuatilie, amwambie anapopungukiwa na ampe nafasi ya kujirekebisha kabla ya kusema hafai. Hakuna matazamio ya bure. Kwa hiyo zile wiki mbili alizokutajia ni matazamio yaliyovuliwa mshahara na mkataba, yakabakiziwa jasho.

Sasa, sheria yetu haina kifungu kinachoitaja "siku ya majaribio" kwa jina, na hapo ndipo watu wanapojificha. Ila haihitaji kuitaja. Sheria ya Taasisi za Kazi, pia ya mwaka 2004, inasema mtu anayefanya kazi kwa mwingine atachukuliwa kuwa mwajiriwa ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa: namna anavyofanya kazi inaongozwa na huyo mwingine, saa zake zinapangwa naye, au anatumia vifaa vyake. Wewe utaambiwa upike nini, uingie saa ngapi, na majiko ni yao. Na amri za kima cha chini cha mshahara huandika viwango kwa mwezi, kwa wiki, kwa siku na hata kwa saa. Sheria imeshamfikiria mtu wa siku moja.

Usichanganye hili na fildi uliyofanya ukiwa chuoni. Kule ulikwenda na barua ya chuo, ulikuwa mwanafunzi, na kazi ilikuwa sehemu ya mafunzo yako. Ukishakuwa na cheti na unaomba nafasi ya kazi, hiyo si fildi tena.

Sasa nikupeleke nyuma ya pazia, kwa sababu ukijua wakala anavyolipwa utajua namna ya kuzungumza naye.

Hoteli ndiyo inayomlipa wakala, si wewe. (Akikuomba hata shilingi elfu tano ya fomu, funga mazungumzo hapo.) Kwa kawaida analipwa mtu aliyempeleka anapoajiriwa, yaani anaposaini mkataba na kuanza. Kwa hiyo anapokuambia wengine wanapanga foleni, yeye naye yuko kwenye foleni yake: kuna mawakala wengine, na anaogopa hoteli ikimwona msumbufu itahamia kwao. Kicheko chake kilikuwa na woga ndani yake. Na kuna uwezekano mkubwa kwamba hajawahi kuiuliza hoteli kuhusu malipo, akaona ni rahisi zaidi kukunyamazisha wewe.

Jambo la pili ambalo hatulisemi ni kwamba mikataba yetu na waajiri mara nyingi ina kipengele cha kubadilishiwa mtu. Nikimpeleka mpishi na ndani ya muda tuliokubaliana akaonekana hafai au akaacha, ninatafuta mwingine bila kutoza ada nyingine. Ongeza na hili: chini ya Sheria ya Ajira, mtu ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri mmoja hana ule ulinzi wa kudai kwamba ameachishwa isivyo halali, na katika mwezi wa kwanza notisi ni siku 7 tu. Yaani mwajiri anayetaka kukujua vizuri ameshapewa njia tele za kukujaribu huku akikulipa. Kama anang'ang'ania wiki mbili za bure juu ya hayo yote, hana wasiwasi na upishi wako. Anataka wiki mbili za bure.

Nilijifunza hili kwa gharama ya watu wengine, na bado linaniuma. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii nilikuwa na mteja mwenye jiko la mikate na keki. Aliniomba mtu, nikampeleka binti mmoja, akajaribiwa wiki tatu, nikaambiwa "bado mkono mzito". Nikampeleka wa pili, wiki tatu, "hana haraka". Wa tatu nilimsindikiza mwenyewe kwa kuwa alikuwa mgeni mjini. Tulipoingia jikoni nikaona rosta imebandikwa ukutani karibu na friji. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, zamu ya saa 10 alfajiri, majina ya wafanyakazi yameandikwa kwa kalamu, na chini yao mstari mmoja umeandikwa kwa wino wa kudumu: MAJARIBIO. Nafasi ile haikuwahi kutafutiwa mtu. Ilikuwa imeshajazwa na kila nitakayempeleka. Niliondoka na yule binti siku ileile, na wale wawili wa mwanzo sikuweza kuwarudishia wiki zao.

Tangu hapo simpeleki mtu kwenye shifti ya majaribio kabla sijapata majibu ya mambo machache kwa maandishi: ni saa ngapi hadi saa ngapi, atafanya nini, nani atampima, atalipwa kiasi gani na lini, na uamuzi utatoka siku gani. Waajiri walio wengi hawagombi. Baadhi hushtuka kidogo kwa kuwa hawajawahi kuulizwa, halafu wanataja kiasi. Ninayekataa kuendelea naye ni yule anayekasirika.

Basi tuje kwenye ujumbe wako. Usimpigie simu. Kwenye simu atacheka tena nawe utanyamaza tena, na hakutabaki ushahidi wowote. Mwandikie wasapu, mchana wa siku ya kazi, si usiku. Usianze na sheria, wala usianze na neno "haki", kwani ukianza hivyo atajibu kwa kujihami. Anza kwa kuonyesha kwamba unaitaka kazi, kisha uliza kama mtu anayejipanga. Mimi ningeandika hivi:

"Habari za mchana kaka. Asante kwa nafasi ya mpishi, naihitaji na niko tayari kuonyesha uwezo wangu. Naomba unisaidie mambo matatu ili nijipange. Moja, Jumamosi ni usaili wa vitendo au ni shifti kamili? Mwisho saa ngapi? Mbili, kama ni shifti kamili, malipo ya siku hiyo ni kiasi gani na yanatoka kwa nani? Tatu, zile wiki mbili zitahesabiwa ndani ya mkataba, yaani tarehe ya kuanza kazi itaandikwa siku ya kwanza ya hizo wiki? Nitashukuru ukinijibu kabla ya Alhamisi jioni."

Tazama ujumbe huu unafanya nini. Haumuulizi "je, nitalipwa?", swali ambalo anaweza kulijibu kwa neno moja. Unamuuliza ni kiasi gani na kwa nani, hivyo anapaswa ataje kitu au aende akaulize. Swali la tatu ndilo zito kuliko yote ingawa limekaa mwisho kwa upole. Tarehe ya kuanza kazi iliyoandikwa kwenye mkataba ndiyo inayoanzisha mshahara wako, michango yako ya NSSF, hesabu ya likizo na ile miezi 6 niliyokutajia. Wiki mbili zikiachwa nje ya tarehe hiyo, ni kana kwamba hukuwepo. Na Alhamisi si siku niliyoiokota tu: majiko mengi hupanga watu wa wikendi kufikia siku hiyo, kwa hiyo akijibu kabla yake, bado kuna nafasi ya kubadilisha mpango.

Majibu yake yatakuambia mengi. Akisema "ngoja niwaulize" kisha akarudi kesho na kiasi, hata kama ni kidogo, huyo ni mtu wa kufanya naye kazi. Akisema "ngoja niwaulize" na kimya kikaingia, mkumbushe mara moja tu. Akisema utapewa nauli na chakula, elewa kwamba hiyo ni posho. Inatosha kwa usaili wa saa mbili, haitoshi kwa shifti ya saa 12. Akikuambia "utalipwa ukishapita", hapo pana mtego, maana malipo yamefungwa kwenye kufaulu, na anayeamua umefaulu ni yuleyule anayetakiwa kulipa. Mjibu kwa upole: "Sawa kaka, na nisipopita, siku nilizofanya zitalipwaje?" Na akisema ukiuliza hela mapema utakosa kazi, amekwishajibu. Ametaja masharti ya kazi hiyo waziwazi.

Kama majibu si mabaya ila hayatoshi, usikatae. Weka pendekezo lako mezani. Wakala anapenda sana mtu anayempa kitu cha kupeleka kwa mteja, kwa sababu kinamwondolea kazi ya kubishana. Unaweza kuandika:

"Nashukuru kaka. Waombe kama naweza kuja Jumatano au Alhamisi saa 8 mchana kwa usaili wa vitendo wa saa mbili au tatu, hapo sidai malipo. Wakiridhika, niko tayari kuanza matazamio ya miezi mitatu kwa mshahara wa 520,000 kuanzia siku ya kwanza. Na kama wanahitaji mtu wa Jumamosi hii kwenye shughuli, nitakuja kwa malipo ya siku, 20,000, yatolewe siku hiyohiyo."

Hiyo 20,000 haikutoka hewani. Mwenye mshahara wa mwezi anayefanya kazi siku 6 kwa wiki huhesabiwa siku 26 kwa mwezi. Gawa 520,000 kwa 26, unapata 20,000 kwa siku. Wiki mbili ni siku 12 za kazi, kwa hiyo wanachokuomba uwaachie ni 240,000, karibu nusu ya mshahara wa mwezi, kabla hujaitwa mfanyakazi. Na siku ya kawaida kisheria ni saa 9. Kuanzia saa 4 asubuhi, ukitoa saa moja ya mapumziko, saa 9 zinaishia saa 2 usiku. "Mpaka shughuli iishe" kwenye harusi ni saa 5 au 6, na zinazozidi ni ziada inayolipwa mara moja na nusu. Sikushauri uanze kudai ziada siku ya kwanza, ila ujue kwamba 20,000 unayoomba ni bei ya chini, si ya ulafi.

Nimeona pendekezo la namna hii likifanya kazi. Mwaka jana mpishi mmoja wa vitafunwa niliyekuwa namshughulikia alitakiwa afanye siku saba bure. Aliniandikia kama nilivyokuandikia hapo juu, nami nikaipeleka kwa meneja kama ilivyo. Meneja alichagua usaili wa saa tatu siku ya Jumanne, akamtaka atoe aina mbili za mkate na tabaka moja la keki. Ijumaa tuliletewa mkataba wenye matazamio ya miezi mitatu. Sikuhitaji kutaja kifungu chochote.

Lakini inawezekana mambo yasiende hivyo, na sitaki nikudanganye. Hoteli inaweza kumpa mwingine. Hilo likitokea usije ukajilaumu kwa sababu ya ujumbe wako. Uwezekano ni mkubwa kwamba ungefanya wiki mbili na bado wakampa mwingine.

Na kama hali yako inakubana, ukaamua kwenda hata bila jibu zuri, sitakulaumu. Kodi haisubiri. Ila nenda ukiwa umejilinda. Kubali siku moja, usikubali wiki mbili. Jumbe zote za wakala usizifute, hasa ule unaotaja siku, saa na mahali. Ukifika andika kwenye simu yako saa uliyoingia, nani amekupokea, umepangiwa sehemu gani na umetoka saa ngapi. Jina lako likiwa kwenye rosta, ipige picha. Ukitoka usiku huo, mwandikie wakala sentensi mbili: "Kaka, nimemaliza leo saa 5 usiku, nilikuwa kwenye sehemu ya nyama choma na wali. Nasubiri majibu na malipo ya siku." Akijibu hata kwa "sawa", ameshathibitisha kwamba ulifanya kazi.

Muulize pia jambo ambalo wapishi husahau na mimi siwezi kulisahau: nikiungua? Mfanyakazi anayeumia kazini analindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia kutokana na mishahara anayolipa. Mtu asiye kwenye orodha ya mishahara, asiye na mkataba wala barua, akimwagikiwa na mafuta ya kukaangia atakuwa na kazi ngumu ya kueleza alikuwa pale kama nani. Hii peke yake ingetosha kunifanya nikatae wiki mbili.

Wakikufanyisha kazi na kukunyima malipo, njia ipo. Anza na barua fupi au ujumbe kwa hoteli na nakala kwa wakala, ukitaja siku na kiasi. Kama hawajibu, nenda ofisi ya afisa kazi ya mkoa, ambaye ana mamlaka ya kukagua na kumpa mwajiri amri ya kutekeleza sheria. Au peleka mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu namba 1. Madai ya mshahara yana muda wa siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na madai ya kuachishwa kazi yana siku 30, kwa hiyo usikae nayo ukisubiri waone haya. Na kutokuwa na mkataba wa maandishi kusikutishe. Wajibu wa kuandika masharti ya kazi ni wa mwajiri, na asipoleta maandishi hayo mbele ya Tume, yeye ndiye atakayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwamba unayodai hayakuwepo. Hapo ndipo jumbe zako za wasapu zinapokuwa na thamani kuliko cheti chako.

Kwa siku moja ya 20,000 nauli za kwenda na kurudi Tume zinaweza kuimaliza hela yenyewe, kwa hiyo hapo mbane wakala, yeye ndiye aliyekupeleka na ndiye anayetaka kubaki na jina zuri. Kwa 240,000, nenda. Na kama ulifanya usaili wa saa mbili tu, mpishi mkuu akaonja ukaondoka, usifungue chochote. Huo ulikuwa usaili.

Haya niliyoandika ni ya Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, kwa hiyo msomaji aliyeitwa hoteli ya Nungwi au Paje asichukue namba zangu kama zilivyo, ingawa swali la chakula kimekwenda wapi anaweza kulivusha bahari.

Mwandikie leo, mdogo wangu, usingoje Ijumaa. Na ukiitwa kwa usaili, beba viatu vilivyofunika vidole, cheti chako cha afya kama kipo, na kisu chako mwenyewe ulichokizoea. Kiandike jina kwenye mpini. Jikoni pa watu visu huhama meza upesi sana.